Njia Moja, Mashine Tano: Kumfundisha Mtu Mwenye Uoni Hafifu Kwenye Jimu

Ndugu walimu wa mazoezi, wenye jimu, na ninyi mnaoanza kuifanya kazi hii,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumpangia mazoezi mtu mwenye ulemavu wa kuona. Ulemavu huo una sura nyingi, na nikizigusa zote mtatoka hapa na maneno mengi msiyoweza kuyatumia kesho asubuhi. Kwa hiyo tumchukue mtu mmoja wa mfano, tuingie naye mlangoni, tumfikishe mpaka wiki ya nane.

Ni mama wa miaka 48 mwenye glakoma, ile ambayo wengi huiita presha ya macho. Jicho la kushoto halioni kabisa. La kulia limebakiwa na uoni wa katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Hivyo ndivyo glakoma inavyofanya: huharibu neva ya jicho, na mara nyingi hula pembeni kwanza na kuiacha katikati hadi mwisho. Mama huyu anaweza kuisoma saa ya ukutani upande wa pili wa ukumbi, lakini akajigonga kwenye benchi lililo karibu na goti lake. Mwalimu asiyejua jambo hili humwona akisoma ujumbe kwenye simu, akadhani haoni vibaya hivyo, akamwacha atembee peke yake katikati ya vyuma. Muulizeni mtu anaona nini na wapi. Kumuuliza kama anaona au haoni hakutoshi.

Kabla ya mashine, mazungumzo. Mwambie aje na maelezo ya daktari wa macho juu ya mambo matatu: jicho lina ugonjwa gani, limefanyiwa upasuaji lini, na anatumia dawa gani. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni hanyanyui kitu mpaka daktari amruhusu. Dawa nazo zina jambo linalotupita wengi. Baadhi ya matone ya glakoma, kama timololi, huingia kwenye damu kupitia jicho na pua na kupunguza mapigo ya moyo. Ukimpima kwa saa ya mapigo utadhani anajivuta, kumbe amechoka. Matone hayohayo yanaweza kumbana kifua mwenye pumu. Kwa hiyo kwa mama huyu weka saa ya mapigo kando, tumia kipimo cha maneno: 0 ni kukaa kitini, 10 ni kushindwa kabisa. Wiki mbili za mwanzo tunakaa kwenye 4 au 5, yaani anaweza kuzungumza sentensi nzima huku akifanya kazi.

Jambo la pili linalotokana na glakoma ni presha yenyewe. Kubana pumzi huku unasukuma mzigo hupandisha presha ndani ya jicho, na kuinamisha kichwa chini ya moyo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo benchi la kulala kichwa kikiwa chini halimo kwenye mpango wake, wala kusimama kwa kichwa, wala kujinyoosha kwa kuinama mpaka kichwa kining'inie. Kuhusu pumzi, usimwambie tu "usibane", kwa maana mzigo ukizidi kila mtu hubana bila kujua. Mwambie ahesabu kwa sauti kila anaposukuma: moja, mbili, tatu. Anayetoa sauti hawezi kuwa amebana pumzi. Na ukisikia hesabu imekatika kwenye nane, umejua palepale kwamba mzigo ni mkubwa, punguza.

Sasa tuchague mashine. Tunataka mashine ya kukalia, ambayo mkono au mguu unapita njia ileile kila mara, uzito unachaguliwa kwa pini, na mtu anaweza kurekebisha kila kitu kwa vidole bila kuzunguka mashine. Kwa mama huyu nachagua tano: baiskeli ya mazoezi yenye kiti cha mgongo, mashine ya kusukuma kwa miguu ya kukaa, mashine ya kifua ya kusukuma mbele, mashine ya kuvuta kuelekea tumboni, na mashine ya kukunja magoti ya kukaa. Kwa wiki sita za mwanzo zinatosha.

Kuna mashine moja maarufu ambayo sikuiweka, ile ya kuvuta fito ya juu kuja kifuani. Zoezi lenyewe ni zuri. Tatizo ni ile fito inayoning'inia kwenye usawa wa paji la uso, ikingoja mtu aamke kwenye kiti. Kwa mwenye uoni wa bomba fito hiyo haipo mpaka imguse. Tutaiongeza baadaye, mkono ukishajifunza kutangulia kichwa.

Na vyuma huru? Wapo wasioona wanaoshindana kunyanyua vyuma vizito, kwa hiyo asije mtu akasema haiwezekani. Hatari yake kwa anayeanza iko sakafuni. Dambeli iliyoachwa njiani na mtu aliyemaliza dakika moja iliyopita haikuwapo alipopita mara ya kwanza. Fito ndefu ya kilo 20 nayo, ikiwa kwenye fremu yake, hutokeza ncha pande zote mbili kwenye usawa wa kifua au uso. Hapo fimbo nyeupe haimsaidii mtu. Fimbo husoma ardhi. Haisomi kitu kilicho juu ya kiuno. Ndiyo maana njia ya mama huyu haipiti kabisa kando ya fremu za vyuma, hata kama ndiyo fupi kuliko zote.

Njia hiyo tuichore. Simama mlangoni utazame ukumbi wako kama mtu anayefuata ukuta. Panga mashine tano zifuatane upande mmoja, na zisipowezekana kuhamishwa, angalau mpangilio wa kuzitumia ufuate ukuta usirudi nyuma. Upana wa njia uwe kama mita moja na nusu, watu wawili wapite bega kwa bega. Mkeka wa mpira ulionyanyuka pembe ubandikwe chini kwa gundi au uondolewe, kwa sababu huo huangusha watu. Kwenye kingo za viti, vishikio na ngazi weka utepe wa njano ikiwa mashine ni nyeusi. Macho hafifu hushika tofauti ya rangi mapema kuliko umbo. Kioo kikubwa kinachofika sakafuni nacho kiwekewe utepe kwenye usawa wa kifua, maana kwa mwenye uoni hafifu kioo ni mlango uliofunguka. Taa inayopiga machoni moja kwa moja izimwe au mama aipe mgongo. Kwa wenzetu wenye ualbino mng'ao huo ndio adui mkubwa kupita yote, na kofia yenye ukingo ndani ya jimu iruhusiwe bila mjadala.

Siku ya kwanza hakuna mzigo. Dakika arobaini zote ni za kuijua njia. Usimshike mkono na kumvuta. Mpe mkono wako, ashike juu kidogo ya kiwiko, atembee nusu hatua nyuma yako. Hapo mwili wako unamwambia kila kitu: umepanda, umeshuka, umekata kona. Mkifika kwenye mashine, weka kiganja chako juu ya mgongo wa kiti, yeye ateremshe mkono wake kufuata wako mpaka aguse kiti. Kisha yeye mwenyewe, si wewe, apapase sehemu ya kukalia, ahakikishe hakuna chupa wala taulo, ainue mkono mwingine juu ya kichwa kuangalia kama kuna kitu kinaning'inia, ndipo akae. Mfundishe kufanya hivyo hata kwenye mashine aliyoitoka dakika mbili zilizopita. Choo, kabati la nguo na mlango wa dharura navyo vimo kwenye ziara hii.

Tuje kwenye maneno. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu Kiswahili chetu kina mtego wake. Vitabu vingi vya kufundishia hushauri kutumia uso wa saa: kitu kiko mbele yako kwenye kumi na mbili, kulia kwenye tatu. Sasa mwambie Mswahili "chupa yako iko saa tatu". Saa tatu yetu ni wakati mshale mfupi uko kwenye tisa, yaani kushoto! Mmoja atapeleka mkono kulia, mwingine kushoto, na wote wawili wako sahihi. Na aliyezaliwa haoni huenda hajawahi kuutumia uso wa saa hata siku moja. Mimi nashauri tuiache saa. Tumia kulia na kushoto, daima kwa upande wa mwanafunzi, kamwe si wako unayemtazama. Tumia mbele, nyuma, usawa wa goti, usawa wa kifua. Umbali upime kwa hatua au kwa kiganja: "kishikio kiko kulia kwako, usawa wa kifua, viganja viwili mbele ya bega". Maneno "hapa", "pale" na "huku" yana maana kwa anayeona kidole chako tu.

Neno la hatari nalo liwe moja, mkubaliane siku ya kwanza: "Simama." Mtu akipiga kelele "Angalia!" au "Ooh!", asiyeona anajua kuna hatari lakini hajui kama akwepe kulia, arudi nyuma au ainame, na mara nyingi husogea kuelekea kulekule. "Simama" inamgandisha, kisha unampa maelekezo. Neno hilo lazima lisikike, kwa hiyo muziki upunguzwe kwenye saa yake, si kwa ajili ya starehe bali kwa sababu sikio ndilo linalomweleza nani anapita, mashine gani inatumika na mlango uko wapi. Na ukiondoka kando yake, sema umeondoka. Kumwacha mtu akizungumza na hewa ni kumvunjia heshima, na ni hatari akiwa katikati ya seti.

Kumgusa ili kumrekebisha kunahitaji idhini, kila mara. Sema unataka kugusa wapi na kwa nini, kisha ngoja jibu. Kina mama wengi wangependa mwalimu mwanamke, hilo lipangwe mapema. Na mara nyingi hakuna haja ya mkono wako kabisa: fimbo nyepesi ya ufagio ikiwekwa wima mgongoni inamweleza kila kitu. Inapaswa kugusa kisogo, katikati ya mabega, na juu kidogo ya makalio. Ikiachana na sehemu mojawapo, mgongo umejikunja. Njia nyingine ni yeye aweke mikono yake juu ya mikono yako unapoonyesha zoezi, ausikie mwendo.

Sasa tukae kwenye mashine moja kwa karibu, ya kusukuma kwa miguu, kwa sababu humo makosa yote hukutana.

Kiti kina matundu ya kurekebisha. Mama anakaa, anaweka nyayo zote kwenye bamba, visigino vikiwa vimelala, upana wa nyonga. Kwa kuwa haoni pembeni, atajuaje miguu imekaa katikati? Bandika tepe mbili za kitambaa kigumu juu ya bamba, ncha ya kidole gumba cha mguu iguse kila moja. Kisha rekebisha kiti mpaka magoti yakunjwe kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kawaida. Tuseme imekuwa tundu la nne. Hesabu matundu kutoka nyuma, yeye akigusa na kuhesabu mwenyewe, mlio baada ya mlio.

Pini ndiyo sehemu ya kuheshimiwa. Rundo la vyuma ni sahani zilizopangana, na kwenye mashine nyingi kila sahani ni kilo 5, lakini msome yenu, kwani ya juu mara nyingi hutofautiana na nyingine. Yeye anaweka kidole gumba kwenye sahani ya juu na kushuka akihesabu matundu. Kurahisisha, bandika kitone cha gundi iliyoganda pembeni ya sahani ya 5 na viwili kwenye ya 10. Akifika ya 6, anaingiza pini mpaka mwisho, kisha anaivuta kidogo kuijaribu. Pini iliyoingia nusu hushika marudio mawili au matatu, halafu hutoka na rundo likaanguka mzigo ukiwa juu. Mguu uliokuwa ukisukuma kilo 30 unajikuta unasukuma hewa, na goti hunyooka kwa kishindo. Dalili yake husikika: rundo linapanda likiwa limelala upande na kutoa mlio wa kukwaruza. Mfundishe mlio huo kama unavyomfundisha zoezi lenyewe.

Na kanuni isiyovunjwa: mkono ukiwa kwenye rundo, hakuna mguu kwenye bamba wala mtu kitini. Vidole vinavyohesabu sahani viko mahali ambapo sahani zinashuka. Mwalimu anasimama kando akizuia mtu mwingine asiketi wakati mama anahesabu. Kwa wiki mbili za mwanzo weka pini wewe, yeye akaguse kuhakiki. Wiki ya tatu aweke yeye, wewe uhakiki.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Siku mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa. Baiskeli dakika 8, kisha mashine nne kwa mpangilio uleule, seti mbili za marudio 12, dakika moja na nusu kati ya seti. Miguu aanze kilo 30. Zile nyingine mzigo ambao marudio 12 yanamwacha kwenye 5. Wiki ya tatu tunaruhusu 6, na akimaliza 12 mara zote mbili kwa siku mbili mfululizo bila kukata hesabu, pini inashuka sahani moja. Kumbukumbu iwe ya sauti kwenye simu yake: "Mashine ya pili, kiti tundu la nne, pini ya sita." Karatasi yako haimsaidii siku usipokuwepo.

Mtaniuliza juu ya mashine ya kukimbilia, kwa maana wengi huiomba. Inawezekana kwa kutembea, kwa masharti. Iwe na vitufe vya kubonyeza, si kioo laini cha kugusa ambacho kidole hakikisomi. Asimame kwanza kwenye kingo zisizotembea, afunge klipu ya usalama kwenye nguo yake, ashike fito ya mbele, mkanda uanze kwa mwendo wa chini kabisa ndipo apande. Kilomita 3 hadi 4 kwa saa zinatosha. Akitaka kazi zaidi, ongeza mwinuko badala ya mwendo. Vidole vya mkono mmoja vibaki vikigusa fito ya pembeni, kwa kuwa bila macho mtu huteleza upande mmoja polepole asijue. Nyuma ya mashine paachwe wazi mita mbili. Na kwetu umeme hukatika: mkanda ukisimama ghafla, aliyeshika fito anayumba, asiyeshika anaanguka. Jambo hilo peke yake ndilo linalonifanya nianze na baiskeli.

Mazoezi ya kusimama nayo yana sababu yake ya kucheleweshwa. Mwili hujisawazisha kwa macho, sikio la ndani na nyayo. Kimoja kikipungua, vingine viwili vinabeba. Jaribu wewe kusimama mguu mmoja ukiwa umefumba macho. Wiki ya tano mlete mama ukutani, asimame mguu mmoja sekunde 10, ncha ya kidole ikigusa ukuta bila kuegemea. Mguso mwepesi tu unapunguza kuyumba, kwa kuwa unamweleza mwili uko wapi. Wiki ya saba analeta dambeli mbili za kilo 4, akiwa amekaa kwenye benchi ambalo halihamishwi. Dambeli hukaa chini, moja kila upande, zikigusa mguu wa mbele wa benchi. Anapomaliza hazidondoshi, huziegemeza kwenye mapaja kwanza, kisha huzirudisha palepale zilipokuwa.

Kuna siku utasimamisha kila kitu. Maumivu ya jicho, duara za rangi kuzunguka taa, ukungu wa ghafla, kuumwa kichwa na kichefuchefu pamoja: hizo ni dalili za presha ya jicho kupanda kwa nguvu, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, si kesho. Mimweko ya mwanga, vidoa vingi vipya vinavyoelea, au kivuli kama pazia linalofunga: huenda retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabanduka, na huyo pia haendi nyumbani kupumzika. Mwenye kisukari kilichoharibu retina mwangalie kwa dalili hizi zaidi, kwa sababu mishipa mipya ya damu kwenye retina ni dhaifu na inaweza kuvuja kwa mzigo mzito, kubana pumzi au kurukaruka. Daktari akisema mzigo mwepesi, ni mwepesi.

Kufikia wiki ya nane mama huyu ataweza kuingia, kufuata ukuta, kujipangia mashine tano na kutoka, nawe ukiwa ukumbini lakini si kiwikoni. Bado kuna jambo moja lililo mikononi mwenu wenye jimu. Mkiamua kuhamisha mashine, hata kwa mita moja, au mkibadilisha pini, au fundi akiondoa tepe wakati wa kupaka rangi, mpigieni simu kabla hajatoka nyumbani, na siku hiyo mwalimu ampokee mlangoni, wapite njia nzima upya mkono kwa kiwiko, bila mzigo, kama siku ya kwanza.